Barua ya Kumuaga Kalamu

Saa tatu asubuhi mlinzi alimsindikiza Kalamu hadi mlangoni akiwa na boksi moja na mwavuli. Ndivyo kampuni yetu inavyofanya mtu akiacha kazi kwenda kwa washindani: unakabidhi kitambulisho na laptopu, unatoka siku hiyohiyo. Sisi tunauza na kuhudumia majokofu ya kuhifadhia dawa hospitalini, na washindani wetu wakubwa wako mtaa wa pili tu.

Jina la Kalamu tulimpa kwa sababu ya wino wake mwekundu. Kwa miaka tisa hakuna zabuni iliyotoka kitengo cha mauzo bila yeye kuipitia. Alinikuta sijui kuandika hata salamu ya mteja, akanifundisha kwa maneno makali na chai nyingi.

Bosi, mkurugenzi wa mauzo, alinisimamisha mlangoni akielekea kikaoni. "Wewe ndiye uliyekaa naye meza moja. Andika barua pepe ya kumuaga, iende kitengo kizima. Saa tisa niwe nimeiona."

"Niiandikeje, bosi?"

"Iwe na uchangamfu. Ila usitaje anakokwenda, usitaje mteja hata mmoja, na isionekane kama tunampigia vigelegele. Sawa?"

Nikasema sawa. Mimi nasema sawa hata kwa jambo lisilo sawa; ndiyo tabia yangu mbaya kuliko zote. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na baba watoto alikuwa nyumbani bila kazi, mwezi wa tano mfululizo. Nani angebisha?

Nikaanza. Rasimu ya kwanza ilisema: "Uongozi na wafanyakazi wanamtakia kila la heri katika majukumu yake mapya." Nikaisoma, ikanuka tangazo la kukatika maji. Ya pili ikasema pengo lake halitazibika. Hapo nikamwona bosi akisoma na kuuliza, kwa hiyo sisi tuliobaki ni mapambo? Nikafuta. Nikaandika "tutaonana karibuni," nikaganda. Bosi angeuliza, anaonana naye wapi huyu? Ina maana naye anajipanga kuondoka? Nikafuta haraka, nikatazama nyuma kama mwizi.

Kilichonikwamisha nilikijua. Mwaka juzi niliambatisha zabuni ya hospitali moja kwenye barua ya hospitali nyingine. Siri ya mteja ikasomwa na mteja mwingine. Kabla sijafungua mdomo, Kalamu akamwambia bosi, "Mimi ndiye niliyeipitisha." Akapewa barua ya onyo. Miezi mitatu baadaye nafasi ya mkuu wa kitengo ikapewa mtu mwingine. Mimi nilinyamaza kimya. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na hofu ya kutosha watu kumi.

Nikaona bora kwanza nitoe la moyoni, kisha hiyo ya kitengo itakuja yenyewe. Saa nne na robo nikamwandikia Kalamu peke yake. "Dada, kosa lilikuwa langu na wewe ulilibeba. Sijawahi kukushukuru kwa sababu nilikuwa mwoga. Najua ndilo lililokuondoa." Nikaandika herufi ya kwanza ya jina lake, kompyuta ikanimalizia anwani, nikatuma. Nikapumua.

Fundi wa kompyuta akapita na laptopu ya Kalamu kwapani. "Huyu nimeshamfunga," akasema kwa furaha. "Barua zake zote tangu saa tatu zinaingia kwa bosi, wateja wasije wakapotea."

"Zote?"

"Hata za kumuaga, shemeji. Mbona umebadilika rangi?"

Anwani ile ilikuwa ya ofisini. Nikajaribu kuirudisha barua; mfumo ukanijibu kwamba imeshindikana. Nilikwenda msalani, nikanawa uso, nikarudi, nikaenda tena. Kila simu ya mezani ilipolia nilishtuka. Baba watoto akanitumia ujumbe kuuliza mtoto ale nini, nami nikamjibu "sijui tutakula nini," hadi akapiga simu kuuliza kama mimi ni mgonjwa.

Kikao kilikuwa kinaisha saa nane. Nilikuwa na saa tatu za kumngojea bosi aisome, na sikuwa na pa kukimbilia. Basi nikarudi kwenye ile barua ya kitengo. Ajabu ni kwamba safari hii ilikuja, maana sikuwa na cha kuficha kilichobaki.

"Ndugu zangu, leo Kalamu anatuaga baada ya miaka tisa. Zabuni zetu nyingi zilitoka safi kwa sababu alizisoma mara tatu wakati sisi tulishachoka, na wengi wetu tulijifunza kuandika kwa kuona wino wake mwekundu ukizungushia makosa yetu huku tukinuna. Mimi nilipokosea, alisimama mbele yangu. Tunamshukuru kwa kazi yake na tunamtakia heri anakokwenda."

Nikaituma kwa bosi saa nane na nusu. Baada ya dakika kumi akaniita.

Alikuwa amevua koti, macho yamechoka. "Nina barua mia na arobaini sijazigusa," akasema. "Nimefungua yako tu. Ni nzuri. Ina uchangamfu, na hata washindani wakiipata hawana cha kuchukua humu. Ila hapa, 'nilipokosea.' Ulikosea nini?"

Hakuwa ameisoma ile nyingine! Nikaona mlango umefunguka. Ningesema tu, bosi, makosa madogomadogo ya kila siku, kisha baadaye nimbembeleze fundi aiondoe. Pembeni ya mkono wake, kwenye skrini, nikaona barua aliyokuwa akiiandika: waajiri wapya wa Kalamu walitaka taarifa ya mwenendo wake. Nilisoma mstari mmoja tu: "aliwahi kupewa onyo kwa kuvujisha siri ya mteja."

"Bosi," nikasema, "ifungue barua yangu ya saa nne na robo. Nilimwandikia yeye. Imekuja kwako."

Akaisoma. Akaisoma tena. Feni ilizunguka, nami nikawa nahesabu siku zilizobaki za mkataba wangu.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo, bosi."

Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Akageukia ule mstari wa onyo, akaufuta herufi baada ya herufi. Kisha akasema, "Hii ya kitengo itume kama ilivyo. Mwongeze yeye kwa anwani yake binafsi. Halafu uwaandikie Rasilimali Watu, ueleze yote, ili lile onyo litoke kwenye faili lake. Hiyo usiitie uchangamfu wowote."

"Na mimi, bosi?"

"Wewe tutazungumza kesho."

Nikatuma ile ya kwanza, nikafungua ukurasa mtupu wa ile ya pili. Niliandika "Mimi ndiye," nikakwama. Ndipo jibu la Kalamu likaingia kutoka kwenye simu yake.

"Nimeisoma. Sentensi ya pili ni ndefu mno, ungeikata katikati. Ile ya 'nilipokosea' umeichelewesha, lakini usiiguse."

Nililia pale mezani mbele ya watu. Kisha nikafuta macho, nikaendelea kuandika, kwa sentensi fupi.