Ushuru wa Miwani

Ofisa wa vifurushi pale forodhani, ambaye wenzake walimwita Mama Hesabu, alishawaandikia wakubwa mara tatu kwamba kiwango cha msamaha wa ushuru kipandishwe. Kufungua kifurushi kidogo, kukikagua, kukikadiria na kukikatia risiti kuligharimu mara nne ya kilichokusanywa. Wakubwa, ambao hawajawahi kushika hata kisu cha kufungulia boksi, walimjibu kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Siku hiyo alikuja mzee aliyetumiwa miwani kutoka ng'ambo. Thamani yake ilizidi kiwango cha msamaha kidogo tu, na ushuru ukawa bei ya vikombe viwili vya chai. Mzee alijipapasa mifuko yote, akakuta nauli ya kurudia nyumbani tu.

"Nitarudi kesho, mwanangu."

"Uchome nauli nyingine, baba, kwa hela hii?" Mama Hesabu alifoka, ingawa si mzee aliyemfokea. Akafungua mkoba wake, akalipa, akampa mzee miwani yake.

Kumbe ofisa haruhusiwi kumlipia mteja, na kamera ilikuwa imemwona. Wakubwa watano wakamkalia kikao siku tatu, kwa posho na vitafunio juu. Kabla ya kumfukuza, mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema.

"Moja tu, mheshimiwa. Ile hela ya miwani imeshafika hazina?"

Mwenyekiti akaitazama bahasha iliyopigwa lakiri mezani.

"Haiendi popote," akasema. "Hiyo ni ushahidi."