Kabla ya Saa Sita

Wathome hakunipenda, nami sikuwa na haja ya kumpenda. Yeye ni mfamasia wa zahanati iliyo karibu na ukumbi wa Kaloleni, na kwake sentensi fupi ni sentensi iliyoibiwa kitu. Mimi ninaitwa Perez, kazi yangu ni kuandika upya karatasi za afya ili mtu aliyeishia darasa la sita azisome na kuzielewa. Tulikaa chumba cha pembeni cha ukumbi, meza moja kati yetu, na tangu nifike alikuwa akiniita madam mwandishi kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

Karatasi tuliyogombania ni ile ambayo wahudumu wa afya ya jamii huwaachia akina mama nyumbani, kuhusu sharubati ya paracetamol kwa mtoto mwenye homa. Ya zamani aliiandika Wathome mwenyewe. Maonyo yote yalikuwamo, hilo simnyimi, ila yalikuwa yamelala chini ya karatasi kwa herufi ndogo za kuchokoza macho. Mama mmoja wa Kaloleni alimchanganyia mtoto sharubati hiyo na dawa ya mafua yenye paracetamol ndani yake, na mtoto akalazwa. Onyo la kutochanganya lilikuwa kwenye karatasi ukutani kwake. Hakuwa amefika huko chini.

Mama huyo alikuwa wa nyumba anazozitembelea Kavinya, mhudumu wa afya wa mtaa, na majirani walimlaumu Kavinya kana kwamba yeye ndiye aliyemimina dawa. Ndiyo maana alikuja siku ile akiwa amekunja uso. Karatasi mpya ilipaswa kupitishwa kabla ya jioni. Isipopita, mtambo ungechapa ile ya zamani tena, na Kavinya angerudi kuibandika kwenye kuta zilezile.

Wathome alikuwa na kalamu nyekundu. Alikuwa ameorodhesha kila onyo la karatasi yake na sasa alilitafuta kwangu, moja baada ya jingine. Mtoto mchanga asipewe bila kuonwa kituoni, lipo. Tumia kipimo kilichokuja na chupa, si kijiko cha jikoni, lipo. Usichanganye na dawa nyingine ya homa au mafua bila kuuliza, lipo, na nilikuwa nimelipandisha juu kabisa. Jedwali la kiasi kwa uzito sikuwa nimeligusa. Kila alipopata alichotafuta alinung'unika, maana alitaka kunikamata na kosa.

Akafika kwenye muda. Yeye alikuwa ameandika kwamba dozi isirudiwe kabla ya muda wa saa sita kupita tangu dozi iliyotangulia, na isizidi dozi nne katika kipindi cha saa ishirini na nne. Mimi niliandika: Usirudie kabla ya saa sita. Usimpe zaidi ya mara nne, mchana na usiku pamoja. Aliisoma, akabenua midomo, akasema ni maneno ya chekechea. Nikamwambia chekechea ndiko alikopaswa kuanzia kuandika. Kavinya akatutazama kama watoto waliomwaga uji.

Wathome akaweka tiki. Tiki kubwa, ya hasira, kwenye sentensi ile ile. Nilifurahi sana, nakiri, furaha chafu ya kumshinda mtu usiyempenda.

Ilibaki kumpa mama mmoja aisome. Huo ndio utaratibu: humwulizi kama ameelewa, maana kila mtu atasema ndiyo, unampa karatasi asome, kisha unamwomba akueleze kwa maneno yake angefanya nini nyumbani. Kavinya alikuwa amemwalika Ifrah, anayeuza madera Ziwani. Aliingia saa nane mchana na mwanawe mdogo Mumin amelala begani. Mkononi alikuwa na nakala ya karatasi yangu, imekunjwa, ina doa la mafuta.

Nikamwuliza Kavinya ameipata wapi. Akasema alimwachia jana ili aisome kwa nafasi, kwa kuwa mtoto alianza kupata joto. Rasimu haiachwi nyumbani kwa mtu. Lakini Wathome alikuwa ananitazama, basi sikumgombeza Kavinya, nikamwomba Ifrah aketi. Nikamwuliza: ukiwa na mtoto mwenye homa, ungempa dawa vipi?

"Ningempa? Nimeshampa," Ifrah akasema. "Nimempa saa tano. Imeandikwa nisirudie kabla ya saa sita, nikangoja. Saa sita ilipogonga nikarudia."

Nje kuna mtu alikuwa akiburuta viti vya harusi. Niliangalia sentensi yangu na kwa mara ya kwanza nikaiona kama ilivyo: saa sita, adhuhuri, kama kila mtu wa mtaa huu anavyoisema. Maneno niliyoyakata, yale ya kupita tangu dozi iliyotangulia, ndiyo yaliyokuwa yameifanya saa sita iwe muda wa kusubiri. Onyo lilikuwapo kwenye karatasi na lilikuwa limekufa.

Wathome alisimama. Nilidhani atanirukia, lakini alimwendea Ifrah. Akamwuliza alitumia kipimo gani. Ifrah akasema kile kidogo cha kwenye chupa. Kiasi gani? Kile cha jedwali, mara zote mbili. Jana usiku je, au dawa nyingine yoyote? Hapana. Wathome akamwambia amwamshe mtoto. Mumin akafungua macho, akalia kwa hasira ya kuamshwa, akataka maji.

"Leo usimpe tena," Wathome akasema. "Dozi hizo mbili kwa uzito wake si za kumdhuru, lakini tunaenda zahanati sasa hivi apimwe na aangaliwe."

Kisha akanigeukia. "Nilikwambia umekata."

"Na wewe ukaweka tiki," nikasema.

Akaangalia kalamu yake. Sikuona aibu usoni mwake, na pengine kwangu hakuiona vilevile. Tulikuwa tumehesabu maonyo kama mtu anavyohesabu viti, bila kukalia hata kimoja. Nikachukua karatasi, nikafuta sentensi yetu, nikaandika: Ukimpa saa moja asubuhi, usimpe tena mpaka saa saba mchana. Ukimpa saa nne asubuhi, usimpe tena mpaka saa kumi jioni. Chini yake: Kutoka dozi moja hadi nyingine, subiri urefu wa muda huo huo. Wathome akasema ni ndefu, haitatosha kwenye karatasi. Nikakata salamu za wafadhili zilizokuwa juu. Hakubisha.

Nikamfuata Ifrah mlangoni na karatasi hiyo, nikamwomba anisomee tena, mistari mitatu tu, nijue kama sasa inasema tunachotaka. Kavinya alikuwa ameshika mkono wa Mumin, analia kimyakimya. Ifrah hakuishika karatasi.

"Dada," akasema, "mlinipa karatasi ikaniambia nimpe mwanangu dawa mara mbili. Sasa unataka nikusaidie kuandika nyingine?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Akamweka mtoto sawa begani.

"Basi mtafutie mtoto wako homa kwanza," akasema, akatoka na Wathome kuelekea zahanati.

Mtambo ulikuwa unasubiri. Nilibaki na karatasi niliyoamini kuwa ni sahihi, na hapakuwa na mama mwingine wa kuniambia kama nimekosea.