Minyaa ya Kabibi

Mzee Mwambire, mzee wa kijiji huko Kakuyuni, alikuwa na ugonjwa wa kuanza kazi kabla hajaambiwa. Aliposikia tu kwamba wapima ardhi wanakuja, aliwaamuru watu wasafishe mashamba yapendeze. Kwa mjane Kabibi alikwenda mwenyewe na jembe, akang'oa ua wote wa minyaa uliomtenganisha na jirani yake Nyale, akauchoma ukawa jivu. Akajisifu wiki nzima.

Ilani ya serikali ilikuja kwa Kiingereza kigumu, kwa hiyo aliituma Malindi kwa Kache, msaidizi wa sheria, amfupishie kwa Kiswahili. Barua ya Kache ilimkuta barazani, watu wameshakaa. Mtu mwingine angeipitia kwanza. Mwambire alivaa miwani akaanza kuisoma kwa sauti.

“Shikamoo Mzee. Wapima wataanza Jumatatu. Kila mwenye shamba awepo, au amtume mtu, aonyeshe mpaka wake. Msipoelewana, kamati ya ardhi itasikiliza pande zote na mashahidi, iamue. Asiyeridhika apeleke lalamiko lake kwenye bodi ya usuluhishi. Ramani na daftari zikishatangazwa, mna siku sitini za kuandika pingamizi kwa afisa wa serikali anayesimamia kazi hii. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku sitini nyingine za kukata rufaa kwa waziri.”

Watu waliitikia kwa vichwa. Mwambire akameza mate, akaendelea kwa mbwembwe.

“Zaidi ya yote, mtu asing'oe alama za zamani, iwe ni minyaa, mawe au mkonge. Huo ndio ushahidi wenu.”

Sauti ikamkatika. Alirudia mstari ule kimoyomoyo, akidhani macho yamemdanganya. Hayakumdanganya.

Nyale aliinuka taratibu, uso umemchangamka. “Mimi nakumbuka vizuri. Minyaa ile ilikuwa kule juu, karibu na mlango wa Kabibi.”

Muongo mkubwa! Kila mtu alijua, lakini nani angeonyesha hata shina moja?

Kabibi hakumtazama Nyale. Kati ya mlango wake na pale palipokuwa na minyaa kulikuwa na kaburi la mumewe. “Baba Mwambire,” aliuliza polepole, “kwa hiyo mume wangu sasa amelala kwa nani?”

Mwambire aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kisha akamgeukia Janet, karani wa kamati ya ardhi.

“Jina langu likate kwenye kamati.”

“Mzee, wewe ndiye mwenyekiti!”

“Likate. Liandike kwa mashahidi wa Kabibi. Minyaa ilikuwa kule chini, ng'ambo ya kaburi, upande wa Nyale, na aliyeing'oa ni mimi.”

Janet aliandika. Nyale akacheka, akauliza atakayemwamini mzee aliyeharibu mpaka kwa mkono wake ni nani. Kabibi akafunika uso kwa leso.