Aliyefuta Mstari wa Saba

Kwenye kliniki yetu ya macho mimi ndiye karani wa orodha ya upasuaji, na kwa miaka sita nimewaambia watu kwamba kompyuta haikosei, wanaokosea ni watu. Nilikuwa nawasema wengine.

Orodha yenyewe ni jedwali moja: namba ya kadi, jina, jicho, tarehe ya kuandikishwa. Aliyetangulia kuandikishwa ndiye anayetangulia kupasuliwa. Kila Ijumaa mashine inahifadhi nakala. Wiki moja chumba cha upasuaji kilikuwa kinapakwa rangi na uandikishaji ulifungwa, kwa hiyo jedwali halikuwa na sababu ya kubadilika hata herufi moja. Jumatatu iliyofuata yakabandikwa majina kumi ya kwanza ya watakaopasuliwa. Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye siku hizi ananitambua kwa sauti tu, alikuwa wa saba. Hakuwemo. Wa kumi alikuwa mama mkwe wa mkuu wetu wa masjala, na mama huyo nilijua fika kwamba alikuwa wa kumi na moja.

Nilihitaji ushahidi gani tena? Nilimpigia shangazi kabla hata sijakaa, nikamwambia nafasi yake imeibwa na nani. Shangazi haoni, lakini mdomo wake ni mzima. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ndipo nikafungua nakala mbili, ya Ijumaa ya kabla ya wiki ile na ya Ijumaa iliyopita, nikaziweka ubavu kwa ubavu: mstari wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Niliiomba mashine ipake rangi kila mstari usiofanana na mwenzake. Kati ya mistari mia nne thelathini na mmoja, sita tu ilisalimika. Kuanzia wa saba hadi chini, skrini nzima nyekundu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikazichapa kurasa zote nikaenda kumtupia mkuu mezani, mlango nikiuacha wazi makusudi ili wenzangu wasikie.

Mkuu alivaa miwani, akapekua taratibu. Mtu huyu hakasiriki, na hilo pia lilinikera.

"Umelinganisha wa saba na wa saba?" akauliza.

Nikamjibu ndiyo, ningelinganishaje tena.

"Akitoka mmoja juu, wote wa chini wanapanda nafasi moja. Hawajabadilika, wamesogea. Linganisha kwa namba ya kadi, kila mtu na yeye mwenyewe, popote alipokaa."

Nilifanya hivyo hapo hapo kwenye kompyuta yake, kwa kiburi. Wekundu wote ukayeyuka. Jibu likaja mistari mitatu: waliofutwa, mmoja; walioongezwa, mmoja; waliobadilishwa, hakuna. Mama mkwe hakuguswa hata tarehe.

Iliyofutwa ilikuwa kadi ya shangazi. Nikamwangalia mkuu kwa jicho la ushindi. Kisha nikasoma aliyeongezwa: namba mpya, jina la shangazi, jicho la shangazi, tarehe ya kuandikishwa Jumanne iliyopita, nafasi ya mia nne thelathini na moja. Pembeni, jina la mwingizaji: mimi.

Jumanne shangazi alikuwa amefua kadi yake ndani ya mfuko wa gauni. Nilimtengenezea nyingine haraka haraka, yenye namba mpya, kumfanyia hisani. Mashine ilikataa kubadilisha namba, maana namba ndiyo inayomtambulisha mtu, basi nikafuta mstari wa zamani nikaandika mpya. Tarehe niliiacha wazi, mashine ikajaza ya siku ile. Kichwani mwangu nilikuwa nimerekebisha namba. Lilichoona jedwali ni mtu mmoja kuondoka na mwingine kuja, na mgeni hukaa nyuma. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Kurudisha tarehe kunahitaji fomu yenye saini ya mkuu, na saini hiyo ingemrudisha mama mkwe wake nafasi ya kumi na moja, nje ya yale majina kumi. Niliijaza, na penye jina la aliyefuta nikaandika langu. Alisaini bila hata kukohoa.

"Mama mkwe nitamweleza mimi," akasema. "Shangazi yako utamweleza wewe."

Nilimpelekea nakala ya fomu jioni ile. Shangazi aliipapasa karatasi, akawaita majirani wawili waje wawe mashahidi, akaniwekea kiti katikati yao.

"Macho yangu bado, mwanangu," akasema. "Nisomee kwa sauti, hapo walipoandika aliyenifuta ni nani."