Sentimita Tatu

Siku ile Kasuku hakuja shule, Kimya alimwekea stuli. Aliweka mkoba wake juu yake ili mtu asije akaikalia, akatoa tufe la chuma kwenye kabati la maabara, akalifunga kwenye uzi ili wahakiki vipimo vyao, akasubiri. Kasuku alikuwa mtu wa kuchelewa. Angeingia huku anacheka, angesema mlango ndio uliochelewa kufunguka.

Badala yake aliingia makamu wa mkuu wa shule, akamnong'oneza mwalimu wa fizikia. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa tena. Kisha akaangalia meza yao ya dirishani, na Kimya akajua kabla ya kuambiwa. Homa iliyomrudisha Kasuku nyumbani jana yake ilikuwa imemaliza kazi usiku.

Majina hayo walipewa na darasa: mmoja kwa kusema, mwingine kwa kunyamaza. Walikuwa wakifanya kazi ya mradi pamoja, ile inayohesabiwa kwenye matokeo ya mwisho. Kutafuta mchapuko wa mvutano wa dunia kwa pendulamu. Kasuku alipima urefu, Kimya alishika saa. Siku ya mwisho ya Kasuku shuleni walimaliza vipimo vyote vitano: uzi ukirefushwa, tufe likiachiwa, bembea ishirini zikihesabiwa kwa sauti.

"Saa yako inasinzia," Kasuku alikuwa akimtania. "Mimi rula yangu haikosei. Kosa likionekana, ujue ni la kwako."

Baada ya mazishi, Kimya alimpelekea mwalimu vipimo vile. Mwalimu alichukua kikokotoo, akaanza na mstari wa kwanza: urefu sentimita ishirini, bembea ishirini kwa sekunde kumi na tisa na robo. Akabofya, akatikisa kichwa.

"Nane nukta tano. Tunatafuta tisa nukta nane. Hii imeharibika, binti."

"Yote, Mwalimu?"

"Mwanzo ukiwa hivi, siwezi kuamini mengine. Futa, upime upya. Nimekupangia mwenzako, Mrefu. Ijumaa kazi zinatumwa."

Kimya alikunja karatasi ile taratibu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha Kasuku. Picha za Kasuku zilikuwa kwao. Nguo zake zilikuwa kwao. Kwake yeye kulikuwa na namba tano tu zilizopimwa na mkono ule, na sasa ameambiwa azifute.

Jioni alipita kwa mama yake Kasuku. Walikaa jikoni, sufuria tupu ikiwa juu ya meko, mama akikunja kitambaa na kukikunjua.

"Siku ile ya mwisho mlifanya nini, mwanangu?"

"Tulipima pendulamu, mama."

"Alifanya vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Alikuwa mwangalifu, eti? Maneno mengi, lakini mkono wake mwangalifu."

"Ndiyo, mama."

Kesho yake, saa ya mapumziko, alikaa maabara na karatasi ya grafu. Kwanza aliweka muda dhidi ya urefu, na nukta zikapinda zikielekea kulala. Mstari uliopinda haumwambii mtu kitu. Huwezi kusema mteremko wake ni upi, kila mahali una wake. Akakumbuka somo: kwenye kanuni ya pendulamu urefu umefichwa ndani ya kipeuo cha pili. Ukizidisha muda kwa wenyewe, kipeuo kinaondoka, na muda mraba unapanda sawasawa na urefu. Mteremko unakuwa nne mara pai mraba, kugawa kwa mchapuko. Basi unaugeuza, unaupata mchapuko.

Akazidisha. Akaweka nukta upya. Safari hii zilikaa kwenye mstari mmoja kana kwamba zimepangwa kwa rula, zote tano. Hakuna iliyoharibika. Lakini mstari haukupita kwenye sifuri. Ulikata mhimili wa wima juu kidogo.

Mrefu alikuja kuchungulia, mkate mkononi.

"Si uuvute tu upite sifuri? Nani ataona?"

"Ukiuvuta, mteremko unaharibika."

"Haya, profesa. Mimi nilikuja kusaidia."

Kimya alichukua pointi mbili zilizo mbali juu ya mstari. Kutoka sentimita thelathini hadi tisini, muda mraba ulipanda kwa mbili nukta nne mbili. Akagawa kwa sifuri nukta sita, akapata nne nukta sifuri tatu. Akageuza. Tisa nukta nane.

Alirudia hesabu mpaka mkono ukachoka. Halafu akauendeleza mstari nyuma ya sifuri, upande wa kushoto, mpaka ukagusa mhimili wa urefu. Uligusa kwenye sentimita tatu. Akachukua tufe kabatini, akalipima kutoka pale uzi unapofungwa hadi katikati ya chuma. Sentimita tatu.

Hapo akaelewa. Kasuku alikuwa amepima uzi mpaka kwenye ndoano na kuishia hapo. Kila urefu ulipungua kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana mstari mzima ulisogea pembeni lakini haukubadilisha mwinamo.

Alimpelekea mwalimu grafu, naye akaufuata mstari kwa kidole.

"Nilikimbilia kipimo kimoja," alisema polepole. "Mteremko umeiokoa. Vipimo hivi vinatumwa kama vilivyo."

"Asante, Mwalimu."

"Ila andika chanzo cha kosa. Na kila sehemu iwe na jina la aliyeifanya. Ndivyo wanavyotaka, kazi ikiwa ya wawili."

"Niandike kwamba yeye alikosea?"

"Andika urefu ulipimwa hadi kwenye ndoano."

"Na jina, Mwalimu?"

Mwalimu alivua tena miwani. "La aliyepima, binti."

"Nikisema nilipima mimi?"

"Basi hapo mwenzako atakuwa hajafanya lolote."

Kimya alibaki na kalamu. Kengele ikalia, wenzake wakatoka wakisukumana, yeye akabaki. Angeweza kulibeba kosa. Kuandika jina lake mara mbili, kwenye urefu na kwenye saa, na mama yule asije kusoma popote kwamba mkono wa mwanawe uliteleza. Lakini Kasuku angebaki wapi? Kwenye karatasi nzima hakukuwa na kitu kingine chake. Alijaribu kutafuta sentensi ambayo ingemwacha ndani bila kumtia doa. Haikuwepo. Alilia kidogo, bila sauti, kama kawaida yake, akiwa amegeuza uso kuelekea dirishani.

Akaandika: urefu ulipimwa hadi kwenye ndoano, pungufu kwa sentimita tatu kila mara. Mbele yake akaandika jina la Kasuku, jina lake kamili la shule, ambalo mle darasani hakuna aliyelitumia. Kuandika huko hakukumpa nafuu yoyote. Ilikuwa kama kumsemea mtu ambaye hawezi kujibu.

"Jina hili limeshaondolewa kwenye orodha ya watahiniwa," mwalimu alisema alipoipokea. "Litabaki kwenye karatasi, lakini alama haziwezi kuingizwa kwake. Nimeuliza. Haiwezekani."

"Sawa, Mwalimu."

"Pole, mwanangu."

Kazi ilitumwa Ijumaa. Matokeo yatatoka mwisho wa muhula, na yatakuwa ya mtu mmoja.