Majembe Sita, Mapanga Manne

Mzee Thakorbhai ndiye aliyenifundisha kuhesabu stoo. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu, na duka lake la vifaa hapa Bukoba bado lilikuwa na foleni mpaka barabarani. Siku ya kwanza alinikabidhi karatasi yenye majina ya bidhaa, lakini bila idadi hata moja.

"Mbona hujaniandikia idadi inayotakiwa kuwepo, Mzee?" nilimuuliza.

Alinijibu kwa Kihaya, maana alizaliwa hapa na alikisema kunishinda. "Ukishajua jibu, Elieth, macho yako yataliona hata kama halipo rafuni. Hesabu kwanza. Kadi tutaitazama baadaye."

Ni miaka ishirini na sita sasa. Mzee ana miaka themanini na sita na anaishi ghorofani na mwanawe Jayesh, ambaye ndiye mwenye duka. Foleni hakuna tena. Mimi bado nahesabu kila Jumamosi mchana, karatasi yangu ikiwa haina idadi, ndipo nafungua kadi za rafuni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Mwezi wa saba mwaka jana, kadi ya majembe ilisema mia arobaini na nane. Nilihesabu mia arobaini na mawili. Mapanga yalipungua manne, na mabunda ya kamba ya katani mawili.

Sikushtuka. Upungufu wa wiki moja mara nyingi ni karatasi tu: mzigo umetoka, hati ya kuutoa haijafika kwangu. Nilipekua hati zote za wiki hiyo, nikazilinganisha na kadi mstari kwa mstari. Hakuna iliyokosekana. Nikamwomba Najibu, muuzaji wa kaunta, ahesabu upya bila kuona karatasi yangu. Akapata yaleyale. Kadi sikuzirekebisha, maana ukirekebisha kabla ya kujua sababu, unafuta nyayo.

Jumamosi iliyofuata pengo lilikuwa kumi na mawili, manane, manne. Ya tatu, kumi na manane, kumi na mawili, sita.

Hapo nilikaa chini. Kosa la kuhesabu huyumba, leo pungufu, kesho ziada. Hili lilipanda ngazi. Tena mapanga hutujia kwenye maboksi ya kumi na mawili. Anayekosea kuhesabu hukosea boksi zima. Hapa kuna mtu aliyekuwa akifungua boksi na kutoa manne. Kila wiki sita, manne, mawili, wala si zaidi. Betri na makufuli, ambavyo mwizi angevificha mfukoni, vilikuwa kamili.

Nilimpelekea Jayesh karatasi zote tatu. Alizitazama, akavua miwani.

"Mara moja kwa wiki. Nani anachukua mzigo hapa mara moja kwa wiki?"

Sote tulijua. Mujuni, dereva, hupeleka bidhaa Muleba kila Jumatano.

"Karatasi zinasema vitu vimetoka, bosi," nilisema. "Hazijasema nani."

Lakini jioni ileile alimwita Mujuni kaunta, mbele ya Najibu, akamwambia akae nyumbani mpaka ataitwa. Mujuni aliweka funguo za gari juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaenda zake. Sikulala vizuri siku ile. Karatasi ni zangu.

Wiki ya nne nilivihesabu vitu hivyo vitatu kila jioni. Dereva wa kukodi alipeleka mzigo wa Muleba Jumanne. Jumatatu sawa, Jumanne sawa. Jumatano gari likiwa limeegeshwa na Mujuni yuko kwake Kamachumu, vikapungua sita, manne, mawili.

Wiki ya tano sikungoja jioni. Jumatano nilihesabu asubuhi, nikahesabu tena saa sita na nusu tulipofunga kwa chakula. Vyote vilikuwepo. Badala ya kwenda kula, nilikaa kwenye gunia nyuma ya rafu ya mabati.

Haikupita nusu saa, mlango wa uani ukalia. Mlango ule hatujawahi kuutumia tangu biashara ipungue. Niliamini ufunguo wake ulipotea zamani. Akaingia Mzee Thakorbhai, amevaa koti, ufunguo mkononi. Alienda moja kwa moja kwenye majembe bila kupapasa. Akahesabu kwa Kihaya, sauti ya chini, akatoa sita.

"Mzee," nilimwita.

Aligeuka, wala hakushangaa. "Umechelewa, Elieth. Shika hizo kamba. Basi la Jumatano halimngoji Kagaruki."

Kagaruki alikuwa mteja wetu wa Buganguzi. Kila Jumatano alitumiwa mzigo uleule kwenye basi, na mimi mwenyewe niliwahi kuufunga: majembe sita, mapanga manne, mabunda mawili ya kamba. Alifariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Nikashika kamba, nikamfuata mpaka chumba cha chini ya ngazi. Mizigo minne ilikuwa imepangwa ukutani, imefungwa kwa fundo lake lile la kuzungusha mara mbili, na juu ya kila mmoja, kwa mwandiko uliotetemeka: KAGARUKI, BUGANGUZI. Nilimsaidia kufunga wa tano. Harufu ya katani na mafuta ya majembe mapya ilinirudisha kwenye asubuhi zile ambapo tulifunga mizigo thelathini kabla ya chai, yeye akiimba majina ya vijiji na mimi nikiandika. Nililia kidogo, nikageuza uso.

Jayesh alipoiona mizigo ile, alikaa kwenye ngazi. "Nilidhani anapumzika mchana," alisema. Kisha, "Mujuni."

Tulimwita kesho yake. Jayesh alianza kuomba radhi ofisini, Mujuni akamkatiza.

"Ulinisimamisha mbele ya Najibu, bosi. Uniambie hayo mbele ya Najibu."

Wakatoka hadi kaunta, akaombwa radhi mbele ya Najibu. Akachukua funguo.

Jumatano iliyofuata niliandika hati moja ya kutoa mizigo mitano, tukaipakia. Mujuni aliendesha, Mzee mbele, mimi na Jayesh nyuma. Duka la Kagaruki sasa ni la binti yake, Dativa, mwanamke wa makamo. Alimtambua Mzee kabla hajashuka.

"Kasinge waitu," alimwamkia kwa Kihaya, akipiga goti.

"Baba yako yuko wapi? Mzigo wake umefika."

Dativa alinitazama. Akamshika Mzee mkono, akimwita baba kwa Kihaya. "Yuko kibanjani, tata. Twende."

Nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni, lilikuwepo kaburi la saruji. Mzee alisoma jina, akarudia kulisoma. Alivua kofia.

"Alikuwa anahakiki kila jembe," alisema hatimaye. "Analigonga kwa jiwe, anasikiliza."

Dativa alichukua mzigo mmoja kwa ajili ya duka lake, akasaini. Minne nikairudisha stoo kwa hati ya marejesho, nikaandika kwenye kadi. Jumamosi rafu na kadi vililingana.

Jumatano iliyofuata nilikaa tena stoo saa ya chakula, katani na karatasi nimeviweka tayari, na kiti cha pili. Mzee alishuka saa saba. Hakumtaja Kagaruki. Alikaa, akaniuliza tuna majembe mangapi.

"Sijui bado, Mzee," nilisema. "Tuhesabu kwanza."