Jina la Mtoto wa Simone

Simone alikuja Alhamisi asubuhi, amembeba mtoto mgongoni, akasimama kando ya cherehani ya Delphine kama mtu aliyekuja kupima gauni. Hakupima kitu. Alisema yeye na mume wake Paulin wameafikiana: mtoto abatizwe Jumapili, na jina alitoe Delphine.

"Jina gani?" Delphine aliuliza.

"Yoyote, yaya. Yenye itakupendeza."

Delphine aliacha kukanyaga cherehani. Katika mtaa huu wa Kamalondo alikuwa amewashonea wanawake wengi nguo za kubatizia watoto, lakini yeye mwenyewe hakuwa na mtoto, na hakuna aliyewahi kumwita yaya, dada mkubwa, kwa jambo kubwa namna hii. Alimtazama yule mchanga, msichana aliyelala mdomo wazi, akasema amekubali. Simone alipoondoka alijikuta anaimba.

Wimbo haukufika mchana. Kumbe kuambiwa uchague lolote ni kama kuambiwa ushone nguo bila kupewa kipimo: unaanzia wapi kukata? Majina yalimjia kwa makundi, yote mazuri, na kwa kuwa yote yalikuwa mazuri hakuna hata moja lililomshika mkono. Alishona mkono wa blauzi ukiwa umepinduliwa, akaufumua, akaushona tena kinyume.

Jioni alikwenda kwa Simone na jina la kwanza. Julienne. Lilikuwa jina la mtakatifu, katekista hangelikataa, na lilipendeza masikioni.

"Iko muzuri," Simone alisema. Kisha akainama kumbembeleza mtoto, na neno alilomwita nalo lilikuwa lile lile la siku zote: kamutoto, kitoto tu.

Ijumaa Delphine alirudi na Kalenga, jina la wenyeji wa huku. Simone alisema hilo nalo zuri, ila ukoo wa Paulin huko Kasai watauliza limetoka wapi. Delphine akatoa Albertine. Simone akasema Albertine lilikuwa jina la shangazi ya mama yake, na mama mwenyewe angefurahi sana. Alisema "angefurahi" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

"Basi niambie wewe unataka lipi."

"Mimi sina ile nataka, yaya. Chagua tu."

Delphine akatembea kurudi kwake, asijue kama ana hasira au aibu. Akajaribu jambo ambalo tangu Alhamisi alikuwa analikwepa. Pengine, alijiambia, walitaka awape jina lake mwenyewe na wanaona haya kulitaja. Mtu akikuachia mlango wazi hivi, si anakutaka uingie? Asubuhi ya Jumamosi akaenda tena, akasema kwa upole kwamba kama hawatachukia, mtoto angeweza kuitwa Delphine, awe somo yake.

Simone alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulifunika kichwa cha mtoto.

"Hapana ile," alisema.

Delphine hakuuliza kwa nini. Alijua alichokifikiria mwenzake: jina la mwanamke ambaye tumbo lake halijawahi kubeba. Alitoka uani akapita nyumba yake bila kuingia, akaendelea na njia ya reli mpaka kwenye lango la karakana ambako Paulin alifanya kazi. Jumamosi kazi ilikuwa ya nusu siku, na wafanyakazi walikuwa wanatoka, mikono bado myeusi kwa mafuta. Paulin alipomwona alifikiri kuna msiba, akakimbia kumfuata.

Delphine alimweleza kila jina na kila jibu. Akamwambia hawezi kuendelea hivi. Wameweka uzio halafu wanamwambia uwanja ni wazi, naye kila akipiga hatua anajigonga. Paulin alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo akasema.

Simone alikuwa amezaa mara mbili kabla ya huyu. Hilo Delphine alilijua, aliwashonea sanda. Asilolijua ni kwamba mtoto wa kwanza alipewa jina na baba yake Paulin, na alipokufa mama yake Simone akasema jina lile lilikuja na mtu wake, marehemu mwenye jina ndiye aliyemchukua mtoto. Wa pili akapewa jina na mama yake Simone. Naye akafa, na ukoo wa Paulin nao wakasema yao. Tangu hapo wazee wa pande mbili hawakusalimiana.

"Njo maana tulisema tutafute muntu wa inje," alisema Paulin.

"Ili huyu akikufa, waseme ni mimi."

Paulin hakukana. Delphine angeweza kuwarudishia kazi yao hapo hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini ubatizo ulikuwa kesho, na mtoto alikuwa bado anaitwa kitoto. Akamwambia Paulin waende nyumbani pamoja.

Walikaa watatu kwenye mkeka, mtoto katikati. Delphine alisema leo hataji jina lolote kwanza. Wao ndio wataje yasiyofaa, na sababu yake. Simone alilia kidogo, akaanza. Asiwe na jina la marehemu wa upande wowote. Asiwe na jina la kujivuna, maana wa kwanza alipewa jina la chifu. Lake Delphine hapana, akaomba msamaha, na Delphine akaitika kwa kichwa tu. Paulin akaongeza kwamba mama yake hawezi kutamka r, na hataki mama apotoshe jina la mjukuu wake kila siku. Katekista naye alitaka jina la mtakatifu.

Sasa kulikuwa na kipimo. Delphine alitoa majina matatu, si zaidi. Germaine: katekista angelipenda, lakini r ipo. Madeleine, ambaye wangemwita Mado: jepesi, ila kule Kamalondo kila ua lina Mado wake, wangeitika watatu. Na Léonie: hakuna ndugu yao aliyelibeba, bibi wote wawili wanaweza kulitamka, ni la mtakatifu, na halina makuu.

"Mimi ningechukua la mwisho," alisema. "Lakini muliite kwanza, musikie."

Paulin akatoka nje ya mlango akaita, "Leoni!" kama baba anayemwita mtoto aache kucheza. Simone akalisema polepole juu ya uso wa mtoto. Akalisema tena. Mara ya tatu alisahau kwamba anajaribu.

"Nalitoa," Delphine alisema, "lakini tutalibeba sisi watatu. Yeyote akiuliza, museme hivyo."

Jumapili katekista aliuliza nani aliyelichagua, na Paulin akajibu kwamba ni wao watatu. Mama yake Simone alikuwa amekaa upande wake wa kanisa, ukoo wa Paulin upande wao. Hawakusalimiana.

Mvua zilipoanza mtoto alipata homa. Delphine alimwona Simone anakuja mbio barabarani, kitenge kikimvuka, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Alingoja kusikia jina lake likitajwa kwa ubaya.

"Leoni iko na moto sana, yaya. Tuende."

Walikwenda. Kwenye zahanati walikaa benchi moja na wanawake wengine, wakipokezana mtoto kila mmoja alipochoka, na Delphine hakuweza kutulia. Alisimama, akakaa, akasimama. Muuguzi alimpa mtoto dawa. Siku ya pili yake homa ilishuka, akanyonya kwa pupa. Wazee wa pande zote mbili walifika kumwona, kila upande kwa wakati wake, na wote walimwita Leoni.